Nafasi Tupu Kwenye Rejista

Kazi inaanza kwa rula. Muuguzi anafungua rejista ya watoto, Kitabu cha 7 cha MTUHA, kinachochukua karibu nusu ya meza ya zahanati. Anaweka rula chini ya mstari wa kwanza, na kidole chake kinasogea taratibu kutoka kushoto kwenda kulia: namba, jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama, kijiji, kitongoji, kisha visanduku vya chanjo kimoja baada ya kingine. Akifika mwisho wa mstari anateremsha rula. Hakuna mstari anaouruka, hata ule ambao ukiutazama kwa mbali unaona umejaa.

Tupo katika Bonde la Kilombero, mwishoni mwa Juni 2025, mvua zikiwa zimekwisha. Zahanati hii inahudumia vijiji vitatu. Sitavitaja kwa majina, kwa kuwa orodha ya watoto waliokosa chanjo ni siri ya wenyewe; nitaviita Barabarani, Mlimani na Ng'ambo, kulingana na mahali vilipo. Namba nazo nimezipanga upya ili mtoto asitambulike, ila njia ya kuhesabu ni ileile niliyoitazama ikifanyika mezani.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba hakubali alama ya vema. Katika kila kisanduku anataka tarehe. Vema inasema mtoto alichomwa. Tarehe inasema alichomwa lini, na hilo ndilo linaloonyesha kama dozi iliyofuata ilitolewa kwa wakati, mapema mno au baada ya kuchelewa. Akikuta vema iliyowekwa na mwenzake siku ya foleni ndefu, anaandika namba ya mtoto pembeni kwenye karatasi ndogo. Huyo ataombwa kadi.

Ratiba ya chanjo Tanzania anaijua kwa kichwa. Mtoto akizaliwa anapewa BCG ya kifua kikuu na matone ya polio. Katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 anapata Penta, ile sindano moja inayokinga dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, pamoja na polio na chanjo ya nimonia. Miezi 9 ni surua na rubela, ambayo kila mtu hapa huiita MR, na miezi 18 ni MR ya pili. Kuijua ratiba si kazi ngumu. Mabango yake yamebandikwa ukutani. Ugumu ni kuigeuza iwe tarehe za mtoto mmoja mmoja, mamia yao, bila kukosea.

Tazama anavyofanya. Mtoto amezaliwa Ijumaa, tarehe 14 Februari 2025. Wiki 6 ni siku 42, basi Penta ya kwanza inaangukia tarehe 28 Machi. Ya pili ni 25 Aprili, ya tatu 23 Mei. Zote ni Ijumaa, kwa sababu wiki haibadilishi siku, na yeye huutumia ukweli huo kujikagua: akipata jibu linaloangukia Jumatano, anajua amekosea kuhesabu mahali. MR ya kwanza haiendi kwa wiki bali kwa miezi, hivyo ni 14 Novemba. Lakini siku ya chanjo hapa ni Jumanne. Mtoto ambaye zamu yake imefika Ijumaa hajakosa kitu mpaka Jumanne inayofuata ipite. Orodha inayomwita mtoto huyo mkosaji siku ya Jumapili inamtuma mhudumu kugonga mlango bure, na mhudumu aliyegonga milango mitatu bure haendi kwa moyo uleule kwenye mlango wa nne.

Kuna pia mtego ambao nisingeuona kama asingenionyesha. Huyo mtoto wa Februari hakuletwa Machi. Aliletwa kwa mara ya kwanza Jumanne, tarehe 29 Aprili, akapata Penta ya kwanza siku hiyo. Mtu mwenye haraka atatazama tarehe ya kuzaliwa, aone kwamba Penta ya tatu ilitakiwa Mei, na amwandike kuwa amechelewa dozi mbili. Muuguzi anahesabu kutoka dozi ya mwisho. Kati ya dozi na dozi lazima zipite wiki 4, kwa hiyo ya pili haikuwezekana kabla ya 27 Mei, wala ya tatu kabla ya 24 Juni. Na mtoto aliyechelewa haanzi upya: dozi aliyoipata inabaki yake, anaendelea pale alipoishia. Amerudia jambo hili kwa akina mama mara nyingi, maana wapo wanaoamini kwamba muda ukipita chanjo imeharibika, na kwa imani hiyo wanabaki nyumbani.

Baada ya saa kadhaa za rula anakuwa na kitu cha kuhesabu. Anachukua karatasi ya hesabu yenye mistari, anachora jedwali: vijiji vitatu vinashuka upande wa kushoto, na juu anaandika makundi ya umri, chini ya miezi 12, miezi 12 hadi 23, miezi 24 hadi 59. Nilimuuliza kwa nini asihesabu watoto wote wa chini ya miaka mitano kwa pamoja. Akaweka kalamu chini.

"Kundi la chini ya mwaka lina watoto ambao MR haijawafikia," alisema. "Huyu wa miezi minne ukimhesabu kuwa hana MR, unamwonea. Hawa wa miezi 12 hadi 23 wamepata nafasi yao yote. Aliyekosa hapa, amekosa kweli."

Kwa hiyo anaanza na kundi hilo, watoto waliozaliwa kati ya 1 Julai 2023 na 30 Juni 2024. Anawapanga kwa kijiji wanachoishi, si kwa mahali walipochomwa, kwa kuwa mtoto wa Ng'ambo aliyechomewa hapa Barabarani bado ni mtoto wa Ng'ambo. Jumla wapo 120. Wenye MR ya kwanza ni 102. Hiyo ni asilimia 85, namba ambayo ukiisoma kwenye ripoti ya mwezi hutashtuka.

Kisha anagawa. Barabarani wapo 62 na waliopata ni 60: asilimia 97. Mlimani 38, waliopata 34: asilimia 89. Ng'ambo wapo 20, waliopata ni 8. Asilimia 40. Ng'ambo ina sehemu moja tu kati ya sita ya watoto wa zahanati, lakini kati ya watoto 18 wasio na MR, 12 wanaishi huko. Surua haisambai kwa wastani wa zahanati. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana kinga ya jamii inadai karibu asilimia 95 ya watu wawe wamekingwa. Katika kijiji ambacho watoto wadogo wengi hawana kinga na wanacheza pamoja kila siku, ile 97 ya Barabarani haimsaidii mtu.

Watu wengi wangeishia hapo, wakaandika majina 12 na kumpa mhudumu. Yeye anarudi kwenye rejista, safari hii akiwa na kadi zilizobaki zahanati na daftari la kupima uzito, na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu sana. Anazichunguza nafasi tupu zenyewe, kwa sababu hazifanani.

Kwanza anatazama Penta. Kati ya watoto 20 wa Ng'ambo, 18 walipata ya kwanza na 17 wakapata ya tatu. Aliyepotea njiani ni mmoja tu. Anaandika hesabu yake pembeni: 18 kutoa 17, gawa kwa 18, ni chini ya asilimia 6. Mpaka wa wasiwasi ni asilimia 10. Maana yake akina mama wa Ng'ambo wanajua njia ya zahanati na wanaitumia, hawaiogopi sindano. Wanapotea baadaye, katika ile miezi mitano na zaidi kati ya wiki ya 14 na mwezi wa 9, ambapo hakuna sindano inayomwita mtoto.

Kisha anafungua daftari la uzito. Kwa kila mmoja wa wale 12 anatafuta jibu la swali moja: baada ya kutimiza miezi 9, aliwahi kuletwa hapa akapimwa? Inachukua muda. Majina ya watoto yameandikwa kwa namna tofauti, mara Zuhura, mara Zura. Anathibitisha kwa tarehe ya kuzaliwa na jina la mama. Mwishowe anagawa karatasi kwa mstari wa wima. Upande mmoja watoto 7 ambao hawana alama yoyote tangu Penta ya tatu. Upande wa pili watoto 5 ambao uzito wao umeandikwa, mmoja hata mara mbili, na kisanduku cha MR kiko wazi.

Hawa watano walikuja. Mama alivuka maji, alifika, alikaa kwenye benchi, mtoto akawekwa kwenye mizani, na wakarudi nyumbani bila chanjo. Kosa haliko Ng'ambo. Muuguzi hakusema maneno mengi, alitazama tarehe za siku hizo na kuelewa. Chanjo ya MR huja kwenye kichupa cha dozi 10, unga unaochanganywa na maji yake maalumu, na ikishachanganywa hudumu saa 6 tu, kinachobaki kinamwagwa. Siku ambayo mtoto mmoja au wawili tu wamefika, mkono unasita kufungua kichupa, maana upotevu nao unaulizwa kwenye ripoti. Mama anaambiwa arudi Jumanne ijayo. Kwa anayeishi Barabarani, Jumanne ijayo ni karibu. Kwa wa Ng'ambo ni safari nyingine ya mtumbwi na siku nyingine ya shamba.

Wale saba wa upande wa kwanza ni hadithi tofauti, na anaisoma kwenye tarehe za kuzaliwa. Sita kati yao walizaliwa Julai na Agosti 2023, au Juni 2024. Waongezee miezi 9: walitimiza zamu yao Aprili, Mei na Machi. Hiyo ndiyo miezi ya mafuriko bondeni, na ndiyo miezi ambayo familia nyingi za Kilombero ziko mashambani kwenye mpunga, mbali na kijiji, zikilala kwenye vibanda vya shambani mpaka mavuno. Nafasi tupu ya mtoto wa Agosti ina maji na mpunga ndani yake. Ya saba haina maelezo, na hakuibunia. Aliandika alama ya kuuliza.

Sasa ndipo anaandika orodha yenyewe, na anaiandika kwa ajili ya mtu mmoja: mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa Ng'ambo, kijana mwenye baiskeli na daftari la kaya. Majina hayafuati alfabeti wala namba za rejista. Yanafuata njia. Kitongoji cha kwanza baada ya kivuko kinatangulia, kisha cha katikati, kisha cha mwisho, ili azunguke mara moja. Jina la mtoto linafuatwa na jina ambalo mama anaitwa kijijini, kwa kuwa jina la kwenye kadi mara nyingi majirani hawalijui. Halafu umri, halafu kile anachodaiwa, kimeandikwa wazi. Kwa mtoto wa miezi 13 ni MR ya kwanza. Kwa mtoto wa miezi 21 anaandika MR ya kwanza sasa, na ya pili baada ya wiki 4, kwa kuwa ameshavuka miezi 18 na anadaiwa zote. Mwishoni anaacha safu mbili wazi: moja ya tarehe iliyoonekana kwenye kadi nyumbani, nyingine ya maelezo.

Karatasi ni moja tu. Anaikunja na kumkabidhi mkononi. "Usiibandike ofisini kwa mtendaji," alimwambia, "wala isisomwe mkutanoni." Nakubaliana naye kabisa. Mama aliyetajwa mbele ya kijiji kwamba hamjali mwanawe hataleta mtoto, atamficha. Na wale watano walifanya kila walichotakiwa kufanya.

Mhudumu alipitia majina akiwa bado amesimama. "Sista, huyu hayupo. Walihama, na ndugu zake wote."

"Nenda ukahakikishe kwa jirani, kaka. Ukithibitisha, andika amehama na uandike walikoelekea."

Karatasi ilirudi ikiwa imechakaa kwenye mikunjo. Watoto wawili walikuwa wamehama na wazazi wao, majirani wamethibitisha. Mmoja alikuwa na MR yake: bibi yake alimpeleka kituo kingine alipokuwa kwake, na tarehe ilikuwa kwenye kadi. Hapo nilitazama kwa makini jinsi rejista inavyorekebishwa. Waliohama hawafutwi, mstari wao unabaki, pembeni inaandikwa amehama, na hawahesabiwi tena. Aliyechanjwa kwingine anaandikiwa tarehe ya kwenye kadi, lakini hapigiwi tali ya zahanati hii, kwa sababu kituo kilichomchoma kilishampigia. Akipigiwa mara mbili, mtoto mmoja anakuwa wawili kwenye hesabu ya wilaya. Hivyo ndivyo asilimia zinavyofika 104 na 110 mahali ambapo watoto bado wanaugua surua.

Hesabu ya Ng'ambo ikawa mpya: watoto 18, waliochanjwa 9. Asilimia 50. Ilikuwa 40, na hakuna sindano hata moja iliyokuwa imechomwa. Mtu anayependa kusifiwa angeituma hivyo.

Lakini nyuma ya karatasi mhudumu alikuwa ameandika majina mengine matatu kwa penseli. Watoto wa umri uleule, waliozaliwa nyumbani katika kitongoji cha mwisho, ambao hawajawahi kuandikwa kwenye rejista yoyote. Aliwakuta kwa sababu alikuwa akitafuta nyumba ya mtoto mwingine na akauliza mlangoni kama kuna watoto wadogo hapa. Hii ndiyo kasoro kubwa ya rejista, na hakuna rula inayoiondoa: inamjua mtoto aliyeletwa angalau mara moja. Asiyeletwa kabisa haachi nafasi tupu, kwa kuwa hana hata mstari.

Muuguzi aliwafungulia mistari mitatu mipya, akaandika jina, kijiji, kitongoji, tarehe ya kuzaliwa kama mama alivyoieleza, na visanduku vyote vikabaki wazi. Kisha akahesabu tena bila kusita: 21 kwa jumla, waliochanjwa 9. Asilimia 43. Namba ilishuka, na ilikuwa kweli zaidi kuliko ile 50. Niliona jinsi alivyoiandika, kwa mwandiko uleule wa namba nyingine, wala hakuongeza maelezo ya kujitetea.

Kutoka kwenye karatasi hiyo ndipo mpango wa huduma ya mkoba ulipozaliwa. Wanaohitaji MR ya kwanza Ng'ambo sasa ni 12: wale 9 waliobaki na hawa 3 wapya. Huo si mzigo wa kichupa kimoja, ni wa viwili, na katika viwili zinabaki dozi 8. Akarudi kwenye rejista kutafuta watoto wa Ng'ambo waliotimiza miezi 9 mwezi huo na waliofikia miezi 18 wakiwa wanadaiwa MR ya pili, akaongeza majina mpaka dozi zikapata wenyewe. Kwa wale watatu alipanga Penta ya kwanza, polio na MR siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto aliyekaa zaidi ya mwaka bila chanjo harudishwi nyumbani na chanjo moja akasubiri nyingine. Siku aliyoichagua haikuwa Jumanne. Ilikuwa siku ya gulio la Ng'ambo, ambapo akina mama wanashuka kutoka mashambani kwa shughuli zao wenyewe, na saa aliyoandika ilikuwa ya asubuhi, kabla jua halijalisumbua kasha la chanjo na barafu yake, maana chanjo inatakiwa ibaki kati ya nyuzi 2 na 8.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake aliandika jambo moja zaidi, kwa ajili ya mwaka unaofuata. Aliorodhesha watoto wa Ng'ambo ambao miezi yao 9 itaangukia kati ya Machi na Mei 2026, wale waliozaliwa na watakaozaliwa Juni hadi Agosti 2025. Waliokwishazaliwa walikuwa wachache na wadogo sana, hata Penta ya kwanza ilikuwa bado. Kwa wale wa Julai na Agosti aliacha mistari mitupu yenye namba tu, na akamwomba mhudumu orodha ya wajawazito wa kijiji wanaotarajia miezi hiyo.